Mshororo Unapokatika Vibaya Kwenye Simu: Dalili, Chanzo na Tiba

Ubeti ninaoutumia hapa chini niliutunga nikiwa kwenye foleni ya pantoni pale Feri, Dar es Salaam. Niliuandika kwenye simu nikiwa bado nimesimama, nikahesabu mizani kwa vidole mara mbili, nikautuma kwenye kundi letu la watunzi. Pantoni haijafika ng'ambo, mzee mmoja wa kundi, malenga wa siku nyingi, akaniandikia: "Mwanangu, hili mbona guni?"

Kwa asiyelijua neno hilo, guni ni shairi lililopotoka mizani au vina. Kwa mtunzi wa mapokeo ni sawa na fundi kuambiwa mlango wake haufungi.

Nikamjibu: "Shikamoo mzee. Nimehesabu, kila mshororo una mizani 16."

"Marahaba. Kwangu mshororo wa kwanza mrefu kama reli, wa pili una neno moja." Akanitumia picha ya skrini yake, na hapo ndipo nilipoelewa. Shairi lilikuwa zima, ila simu yake ilikuwa imelikata upya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya namna shairi fupi linavyoharibika likifika kwenye kioo kidogo. Nyingi nilizifanya mimi mwenyewe.

Dalili ya kwanza: neno la mwisho limedondoka peke yake

Hii ndiyo inayotokea zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi mashairi yetu. Ubeti wenyewe ni huu:

Jua limekwishashuka, nimesimama ferini,
Na pantoni imefika, twasongana mlangoni,
Mchuuzi amechoka, beseni liko kichwani,
Moyo ng'ambo umevuka, mwili ungali foleni.

Ni tarbia ya kawaida. Mishororo 4, kila mmoja una vipande viwili, ukwapi wenye mizani 8 na utao wenye mizani 8. Kina cha kati ni "ka", cha mwisho ni "ni". Kwenye simu yangu, ambayo nimeiwekea maandishi madogo, kila mshororo ulikaa kwenye mstari wake. Kwenye simu ya mzee ulionekana hivi:

Jua limekwishashuka, nimesimama
ferini,
Na pantoni imefika, twasongana
mlangoni,
Mchuuzi amechoka, beseni liko
kichwani,
Moyo ng'ambo umevuka, mwili
ungali foleni.

Usome kwa sauti jinsi ulivyoandikwa hapo, ukipumua kila mstari unapoisha. Utapata mistari yenye mizani 13, kisha 3, kisha 12, kisha 4. Kina cha kati, "shuka, fika, choka, vuka", kimezama katikati ya mstari ambako jicho halikioni. Kina cha mwisho kimetupwa ukingoni kama mzigo ulioanguka kwenye gari. Mzee hakukosea kuliita guni, kwa sababu alisoma kile kilichokuwa mbele ya macho yake.

Chanzo ni upana tu. Hesabu herufi badala ya mizani: mshororo wa kwanza una herufi 39 ukijumlisha nafasi na mikato, wa pili 40, wa tatu 39, wa nne 42. Mshororo wa mizani 16 kwa Kiswahili mara nyingi unaangukia hapo, kwa kuwa silabi yetu ya kawaida ni konsonanti na irabu, kisha unaongeza nafasi kati ya maneno. Kiputo cha ujumbe kwenye simu ya mzee kilikuwa kinabeba herufi kama 31 au 32. Hakuna namna herufi 39 zikaingia humo. Simu inachukua maneno yanayoenea, linalobaki inalishusha, na haijali wewe unapumua wapi. Tena maneno yetu ni marefu. "Twasongana" au "nimesimama" ni neno moja lenye kazi ya sentensi nzima, kwa hiyo likikosa nafasi linashuka zima zima na kuacha pengo kubwa nyuma yake.

Utajuaje kama tatizo ni upana wa kioo na si wewe uliyebonyeza Enter mahali pabaya? Lalisha simu. Ukiigeuza ikawa ya mlalo na mishororo ikajiunga yenyewe, basi ni kioo kilichokata. Ikibaki imevunjika vilevile, basi mkato wa mstari umo ndani ya maandishi yenyewe. Mara nyingi hilo linatokea ukinakili shairi kutoka kwenye faili la PDF lenye safu nyembamba, maana kila mwisho wa mstari wa safu ile unakuja nao. Hiyo tiba yake ni kufuta mikato hiyo ya mistari mmoja mmoja kwa mkono. Sijapata njia ya mkato ninayoiamini.

Kwa kioo kilichokata, tiba ni kukitangulia. Usiiachie simu ichague, wewe kata mshororo mahali ulipokuwa ukipumua tangu mwanzo, yaani kwenye mkato kati ya ukwapi na utao:

Jua limekwishashuka,
nimesimama ferini,
Na pantoni imefika,
twasongana mlangoni,
Mchuuzi amechoka,
beseni liko kichwani,
Moyo ng'ambo umevuka,
mwili ungali foleni.

Sasa mstari mrefu kuliko yote una herufi 21. Hata mtu aliyekuza maandishi kwa sababu ya macho bado utamkalia. Na tazama kilichotokea kwa kina cha kati: kimetoka mafichoni. "Ka, ni, ka, ni" inashuka kwenye ukingo wa kulia kama ngazi, na hata msomaji asiyejua maana ya ukwapi anaisikia.

Wapo watakaokwambia kwamba hivi umevunja shairi. Sikubaliani nao, maana mkato ule haukuwekwa na kitabu. Anayeghani mshororo wa mizani 16 anasita katikati, anaumaliza, ndipo anavuta pumzi. Kwenye karatasi pana msito ule uliandikwa kwa mkato na nafasi kidogo. Kwenye kioo chembamba unaandikwa kwa kushuka.

Hata hivyo tiba hii ina gharama yake, na afadhali uijue mapema. Mistari 8 yenye mizani 8 kila mmoja inafanana mno na beti mbili za utenzi. Mjuzi hatadanganyika, kwa sababu ubeti wa utenzi una vipande vitatu vyenye kina kimoja na cha nne chenye kina cha bahari, wakati hapa vina vinapishana. Lakini msomaji wa kawaida atadhani hivyo, na akidhani hivyo ataghani kwa mahadhi ya utenzi na msito mrefu wa mwisho wa mshororo utapotea.

Dawa ya hilo ni herufi kubwa na ndogo. Anza kila ukwapi kwa herufi kubwa na kila utao kwa herufi ndogo, kama nilivyofanya hapo juu. Jicho linajifunza haraka sana: herufi kubwa ni mshororo mpya, ndogo ni mwendelezo. Kibodi italeta ubishi iwapo umemaliza mstari kwa nukta, kwa sababu inataka kukuza herufi inayofuata. Hata ukimaliza ukwapi kwa mkato, kibodi nyingine hukuza herufi ya kwanza ya kila mstari na itabidi uirudishe kwa mkono.

Ukiwa unatuma ubeti mmoja tu, unaweza pia kuacha mstari mtupu kila baada ya mshororo, ukapata visiwa vinne vya mistari miwili miwili. Kwa beti mbili au tatu usifanye hivyo. Mstari mtupu ndio alama pekee ya kutenga beti uliyobakiwa nayo, na ukiitumia kwa kazi mbili hakuna atakayejua ubeti unaishia wapi.

Kwa wanaotuma X, kuna faida ndogo hapa. Kushuka mstari kunahesabiwa kama herufi moja, sawa na nafasi uliyoiondoa. Kwa hiyo kukata mshororo hakuongezi hata herufi. Ubeti wangu ni herufi 163 ukiwa na mistari 4, na ni 163 ukiwa na mistari 8. Kikomo cha kawaida ni 280, kwa hiyo zinabaki 117 za jina la shairi na jina lako. Beti mbili za namna hii zitavuka kikomo, usijisumbue.

Angalizo moja kabla sijaondoka hapa. Kama shairi lako ni la msuko, yaani kibwagizo kimefanywa kifupi kuliko mishororo mingine, kukata kila kitu kunaua ufundi wenyewe. Tuseme mshororo wangu wa nne ungekuwa "mwili ungali foleni" peke yake, mizani 8. Kwenye karatasi ungeonekana umekatika ghafla chini ya mishororo mirefu. Kwenye kioo, ambako kila mstari sasa una mizani 8, hakuna atakayeona kwamba kuna kilichopunguzwa. Hapo ndipo ninapokubali mstari mtupu ndani ya ubeti: natanguliza mistari 6 ya mishororo mitatu, naacha nafasi, kisha kibwagizo kinasimama chini peke yake.

Na ukiwa na shairi la vipande vitatu, ukwapi, utao na mwandamo, kata mara mbili kwa kanuni ileile. Mistari inakuwa mingi, kwa hiyo tuma ubeti mmoja mmoja.

Dalili ya pili: ulichoandika si kilichotokea

Kabla sijaijua tiba ya hapo juu nilijaribu ujanja mwingine. Nilifuta mkato kati ya vipande nikaweka nafasi mbili, nikitumaini pengo litaonekana. Nikapata hiki:

Jua limekwishashuka. Nimesimama ferini

Kibodi nyingi za simu hugeuza nafasi mbili kuwa nukta, kisha zinakuza herufi inayofuata. Mshororo mmoja ukawa sentensi mbili kavu kama taarifa ya polisi. Kwenye iPhone kitufe cha kuzima hilo kiko kwenye mipangilio ya kibodi kwa jina la `"." Shortcut`. Kwenye Gboard tafuta ndani ya `Text correction` mstari unaoanza na `Double-space`. Lakini hata ukizima, sikushauri utegemee nafasi kupanga shairi. Kurasa nyingi za kivinjari hukusanya nafasi zote zinazofuatana zikawa moja, na hata pale zinapobaki, upana wake kwenye simu yako si upana wake kwenye ya mwenzio.

Kinyume chake ni mistari iliyoachana. Umenakili kutoka Word, ukabandika, na kila mshororo umekaa mbali na mwenzake kama watu waliogombana. Ubeti wa mishororo 4 umekuwa beti 4 za mshororo mmoja mmoja. Chanzo ni kwamba Enter ndani ya Word huanzisha aya mpya, na sehemu nyingine huweka pengo kati ya aya. Unachotaka ni kushuka mstari ndani ya aya ileile, yaani Shift na Enter kwa pamoja. Kama shairi limeshaandikwa, fungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, kisha badilisha hivi:

```
Find what:     ^p
Replace with:  ^l
```

Ya kwanza ni alama ya mwisho wa aya, ya pili ni ya kushuka mstari. Pale ulipoacha mstari mtupu kati ya beti patabaki patupu vilevile.

Kwenye WhatsApp kuna mtego ambao watunzi wa ngonjera na majibizano wanauangukia sana. Mstari ukianza na kistari kifupi kikifuatiwa na nafasi, programu inauchukua kama kipengele cha orodha na kuuwekea kitone. Mabishano yako ya mke na mume yanageuka orodha ya vitu vya sokoni. Tumia kistari kirefu (—), ambacho kwenye kibodi kinapatikana kwa kubonyeza kile kifupi na kukishikilia. Alama ya `>` mwanzoni mwa mstari nayo inaufanya uwe nukuu. Na ukizungushia neno nyota mbili, moja kila upande, linakolea wino na nyota zinatoweka. Kwa hiyo usizitumie kama alama ya kurudia kiitikio.

Wakati mwingine kila kitu kinaungana: umeandika mistari 8 kwenye tovuti yako na imetoka aya moja. Hapo hakuna la ajabu. Kivinjari hakihesabu Enter uliyobonyeza ndani ya HTML. Kwake ni nafasi tu. Wengi hutatua kwa kuweka `<br>` mwisho wa kila mstari. Mimi kwenye tovuti napendelea kuuacha mshororo mzima, kila mmoja ukiwa ndani ya kisanduku chake, na kukipa kisanduku amri hii:

```
.mshororo {
  padding-left: 2em;
  text-indent: -2em;
}
```

Maana yake mstari wa kwanza unaanzia ukingoni, na kama kioo ni chembamba sehemu inayoshuka inaingia ndani kidogo. Msomaji anaona kwamba kilichoingia ndani ni mwendelezo. Wachapaji wa vitabu wamekuwa wakifanya hivyo kwa mishororo mirefu kabla simu hazijakuwapo. Kwenye kompyuta mshororo unabaki mzima na mtu wa simu haonewi. Kwenye WhatsApp au Instagram amri hiyo huna, ndiyo maana kule tunakata wenyewe.

Dalili ya tatu: mistari imekaa vizuri lakini haitembei

Hii haitokani na simu, inatokana na sisi. Inaonekana zaidi kwenye mashairi huru na vipande vya nyimbo, ambako hakuna mizani 8 ya kukuonyesha pa kukata.

Chukua kipande hiki cha wimbo, nimekiandika kwa ajili ya mfano tu:

Nikikupigia hupokei, nikituma ujumbe
wausoma hujibu, basi sema nikae au
niondoke

Hapo kimekatwa pale kioo kilipojaa. "Au" imebaki ikining'inia. Maneno madogo ya namna hiyo, "au", "na", "ya", "wa", "kwa", hayapendi kukaa mwisho wa mstari, kwa sababu yameshika mkono wa neno linalofuata. Msomaji akifika kwenye "au" akasita, anakuwa amesita mahali ambapo hakuna mwimbaji angepumua. Ukiyaona mwisho wa mstari, yashushe.

Mwingine akiona hivyo anaenda upande wa pili kabisa:

Nikikupigia
hupokei
nikituma
ujumbe
wausoma
hujibu
basi
sema
nikae
au niondoke

Hapa kuna jambo linaloihusu lugha yetu hasa. Mkazo wa Kiswahili, karibu kila neno, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: hupo-KE-i, u-JU-mbe, hu-JI-bu. Kila neno linaishia kwa mshuko uleule, silabi nzito kisha nyepesi. Ukimaliza mstari kila baada ya neno moja, msomaji anausikia mshuko huo mara kumi mfululizo, tena kwa urefu uleule wa pumzi. Ni kama nyundo ya fundi bati. Wenye lugha ambazo mkazo unahama wanaweza kukata neno moja moja wakapata mchezo. Sisi tunapata kugongwa kichwani.

Tiba yake siiti kanuni, naiita kipimo. Imba au sema kipande hicho huku ukigonga meza. Jirekodi kwa simu hiyohiyo. Kisha sikiliza na ushuke mstari pale tu ulipovuta pumzi, si pale sarufi inapotaka mkato. Nilipofanya hivyo kwa kipande hiki nilipata:

Nikikupigia, hupokei.
Nikituma ujumbe,
wausoma,
hujibu.
Basi sema, nikae
au niondoke.

Mstari wa kwanza una mambo mawili kwa sababu kwenye sauti yalikuja kwa pumzi moja, haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea kutopokelewa simu. "Wausoma" na "hujibu" yametengana kwa sababu ndipo uchungu ulipo: alama za kusomwa zimeonekana, kisha kimya. Mistari mifupi miwili inafanya kazi kwa kuwa imezungukwa na mirefu. Kama yote ingekuwa mifupi, hiyo miwili isingesema chochote.

Nyimbo zina tabu moja ya ziada. Sauti inaweza kuvuta "eee" kwa sekunde nne na msikilizaji akalia. Kwenye maandishi ni herufi tatu tu. Anayeandika "niondokeeeeee" anajaribu kuandika muziki kwa herufi, na kwenye kioo neno hilo refu linaweza kukatwa popote, hata katikati. Mimi naliacha neno kama lilivyo na kulipa mstari wake, au naacha mstari mtupu baada yake. Nafasi ile tupu ndiyo inayobeba ule mvuto wa sauti. Na kiitikio kikirudiwa mara mbili, kiandike mara mbili. Ukiweka "x2" pembeni, hakuna msomaji anayerudi juu kusoma tena.

Kwa shairi la mapokeo, dalili hii ikionekana hata baada ya kukata kwenye vipande, hesabu upya mizani. Mara nyingi kuna kipande chenye 7 au 9. Mtego mkubwa ni "m" inayosimama peke yake: "mlangoni" ni mizani 4, m-la-ngo-ni, si 3. "Ng'ambo" ni 2. Kipande kikiwa peke yake kwenye mstari, kasoro ya mizani moja inasikika wazi kuliko ilipokuwa imefichwa ndani ya mshororo mrefu, na hilo nalihesabu kuwa faida.

Dalili ya nne: kwenye stetasi kila kitu kimekaa katikati

Stetasi ya maandishi ya WhatsApp hupanga mistari katikati ya kioo na kupunguza ukubwa wa herufi kadiri maandishi yanavyoongezeka. Neno likidondoka hapo halikai ukingoni ambako lingeonekana kuwa mwendelezo. Linakaa katikati kabisa, kama mstari kamili ulioandikwa kwa makusudi. "Ferini" inaonekana kama kichwa cha habari.

Ukikata kwenye vipande, nusu ya tatizo inaondoka. Nusu iliyobaki ni kwamba ukingo wa kushoto hauko wima, na msomaji anapoteza ile alama ya herufi kubwa na ndogo. Kwa hiyo kwa stetasi natengeneza picha, ambako mkato niliouweka hakuna anayeuhamisha. Picha ya stetasi inayojaza kioo ni pikseli 1080 kwa 1920. Acha kama pikseli 250 juu na chini, maana huko ndiko yanakokaa jina lako na sehemu ya kujibu. Ukiacha 100 kila upande, upana unaobaki ni 880. Mstari wa herufi 21 unaweza kuandikwa kwa ukubwa wa pikseli 80 hivi, na mtu akausoma akiwa kwenye daladala inayoruka mashimo. Mshororo mzima wa herufi 42 ungelazimisha uandike kwa 40, na hapo vijana watasoma lakini mzee wangu hatasoma. Panga maandishi kuanzia kushoto.

Picha ina ubaya wake: msomaji asiyeona, anayesomewa na simu, hapati kitu, na hakuna atakayeweza kulitafuta shairi baadaye kwa neno analolikumbuka. Nabandika maandishi yenyewe chini ya picha, yakiwa yamekatwa vilevile.

Dalili ya tano: shairi limefungwa mlango katikati

Instagram huonyesha mwanzo wa maelezo tu kisha inaweka `more`. Facebook nayo ina `See more`. Ubeti wa mistari 8 unaweza kufichwa kuanzia mstari wa tatu, na kibwagizo ndicho hakionekani. Wengi hujaza juu jina la shairi, tarehe, salamu na maneno "nimetunga leo asubuhi", kisha wanashangaa hakuna aliyelifikia shairi. Anza na ubeti. Salamu ziende chini.

Ukiona bado unafichwa mahali pabaya, kama kati ya ukwapi na utao wake, ongeza au punguza mstari mmoja juu ili mlango ufunge mwisho wa mshororo. Si kazi ya uhakika, kwa kuwa simu hutofautiana. Mimi huangalia kwenye simu mbili, yangu na ya mke wangu ambaye amekuza maandishi, na zikikubaliana natuma.

Mzee nilimtumia ubeti upya jioni ileile, ukiwa na mistari 8. Kuhusu mizani hakusema neno. Aliuliza kama pantoni imefika na watu wanasongana mlangoni, imekuwaje mshororo wa kwanza mimi bado nimesimama tu.